Sentimita 15 zilizokuwa zikiniumiza shingo

Maumivu yangu yalianzia mahali padogo, upande wa kulia, pale shingo inapokutana na bega. Nikipabonyeza kwa kidole gumba nilikuta kifundo kigumu, na nikikikandamiza, maumivu yalipanda shingoni mpaka nyuma ya sikio. Mwanzoni yalikuja siku za kazi nyingi tu na kuondoka nikilala. Baada ya miezi kadhaa nikawa ninaamka nayo. Mtu akiniita kwa nyuma nilihitaji kugeuza mwili mzima ndipo nimwone. Jioni kichwa kilianza kuuma kuanzia kisogoni hadi nyuma ya jicho la kulia.

Mimi ni fundi cherehani. Ninashona saa nane, wakati mwingine tisa kwa siku, kwa cherehani ndogo ya umeme iliyowekwa juu ya meza. Nilijua kazi ndiyo inayoniumiza, lakini nilichukulia kwamba ndivyo kazi ilivyo, na kwamba dawa yake ni kuchuliwa, kumeza vidonge na kunyoosha shingo kila inapokaza. Kunyoosha kwenyewe nilikuwa ninashika kichwa na kukivuta kwa nguvu mpaka nisikie mlio. Nafuu ilikuja mara moja, ikakaa nusu saa, kisha maumivu yakarudi palepale. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Nilipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nilitarajia anilaze kitandani aanze kunichua. Badala yake alivuta kigoda, akasogeza meza, akasema, "Dada, hebu kaa hapa unioneshe unavyoshona." Nikakaa, nikanyoosha mikono kana kwamba ninasukuma kitambaa chini ya sindano. Akasimama nyuma yangu kimya. Kisha akaweka viganja vyake juu ya mabega yangu na kuyasukuma chini taratibu. Yalishuka. Sikuwa na habari kwamba nilikuwa nimeyapandisha.

"Unayabeba mabega yako mwenyewe," akasema. "Saa nane kwa siku. Meza yako ina urefu gani?"

Sikujua. Mimi ninayepima watu kifua, kiuno na nyonga kila siku sikuwahi kupima mahali ninapokaa. Akanituma nyumbani nikapime vitu vinne: urefu wa kiti, urefu wa meza, kimo cha bamba la cherehani kutoka juu ya meza, na kimo cha kiwiko changu kutoka sakafuni nikiwa nimekaa, mabega yamelegea na mkono umekunjwa pembe mraba.

Jioni ile nikachukua futi. Kiti sm 45. Meza sm 74. Bamba la cherehani, pale kitambaa kinapopita, lilikuwa sm 8 juu ya meza. Kiwiko changu kilikuwa sm 67 kutoka sakafuni. Nikajumlisha: mikono yangu inafanya kazi kwenye kimo cha sm 82, na kiwiko kiko 67. Tofauti ni sm 15.

Hapo nikaelewa kila kitu. Mkono hauwezi kufika sm 15 juu ya kiwiko bila kitu fulani kuunyanyua, na kinachounyanyua ni msuli ule mpana unaoshuka kutoka kisogoni, ukapita ubavuni mwa shingo hadi kwenye bega. Meza ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya kuandikia. Ukiweka cherehani juu yake, unaongeza sm 8 ambazo hakuna aliyezihesabu. Wenye cherehani za kiwandani, ambazo bamba lake limelingana na uso wa meza, hawana tatizo hili kwa kiasi hicho, ingawa wanayo mengine.

Mtaalamu alinieleza pia kwa nini mzigo mdogo namna hiyo unaumiza. Msuli unapokaza na kulegea, damu inaingia na kutoka. Ukikazwa bila kuachiwa, hata kidogo tu, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake inabanwa na msuli unachoka bila kupata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana unaweza kunyanyua ndoo nzito mara kumi na usiumie, lakini ukishikilia kikombe kitupu mkono umenyooka kwa dakika kumi utatamani kulia. Bega langu lilikuwa limeshikilia kikombe hicho tangu asubuhi hadi jioni.

Marekebisho yalichukua siku moja. Kiti nilikipandisha kutoka sm 45 hadi 52. Meza ilikuwa ya mbao, nikamwomba seremala apunguze miguu kwa sm 4, ikabaki 70. Sasa kiwiko changu kiko sm 74 na bamba la cherehani sm 78, tofauti sm 4. Sikutaka iwe sifuri. Kazi ya kushona inataka macho yaone mshono, na ukishusha kazi mpaka usawa wa kiwiko au chini yake, utainamisha shingo kuifuata. Sentimita 4 au 5 juu ya kiwiko ndipo mabega yanapolegea na shingo isilazimike kuzama.

Ila kupandisha kiti kulileta shida mpya ambayo sikuitarajia: miguu ilianza kuning'inia na makali ya kiti yakabana mapaja kwa chini. Nikatengeneza jukwaa la ubao la kimo cha sm 7, pana kiasi cha kutosha miguu yote miwili, na pedali nikaiweka juu yake. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wenzangu wengi watalitambua. Pedali za cherehani ndogo hutembea. Unaanza asubuhi iko chini ya goti, kufikia mchana imesogea mbele kiganja kizima, mguu umeifuata, nyonga ya kulia imeufuata mguu, na mgongo wote umejipinda bila wewe kujua. Niligundua kwamba bega langu la kulia ndilo lililoumia zaidi kwa sababu hiyo pia. Nikabandika kipande cha mpira chini ya pedali na kupigilia ukingo mwembamba wa ubao mbele yake. Tangu hapo haijasogea.

Jambo la tatu lilikuwa kukaa mbele ya sindano. Kwa mazoea nilikaa katikati ya cherehani, kama mtu anayekaa katikati ya meza. Lakini sindano haiko katikati, iko kushoto. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nimeinamisha kichwa upande huo na kukigeuza kidogo. Sasa ninasogeza kiti mpaka pua yangu ielekeane na sindano. Nikaongeza na taa ndogo inayomulika bamba moja kwa moja, kwa sababu nilipochunguza vizuri, mara nyingi niliinama kwa kuwa sioni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Hilo shingo haina kosa nalo. Kama umri umefika wa kusogeza maandishi mbali ili uyasome, pima macho kabla hujalaumu kiti.

Wiki ya kwanza nilijihisi mgeni kwenye cherehani yangu. Mishono ilipinda kidogo, mguu ulikosea kasi. Wiki ya tatu nikaamka siku moja na kugundua kwamba nimegeuka kuzima kengele ya simu bila kuuma.

Na hiyo simu ndiyo iliyonirudisha nyuma. Kufikia wiki ya tano maumivu ya mchana yalikuwa yamepungua sana, lakini ya asubuhi yalikuwa bado yapo. Nilirudi kwa mtaalamu nikiwa nimekata tamaa kidogo. Akaniuliza ninafanya nini baada ya kufunga kazi. Nikamwambia ninapumzika. Unapumzikaje? Ninalala kitandani, ninaegemeza kichwa kwenye ukuta kwa mito miwili, ninatazama mitindo ya nguo kwenye simu na kujibu wateja. Kwa muda gani? Nikatafuta kwenye simu yenyewe, ikanionesha saa tatu na dakika kumi kwa siku. Nilinyamaza.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikiwa wima juu ya shingo, mifupa ndiyo inayobeba. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukishikilia kisianguke, kama kamba inayozuia mlingoti. Kuna hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 na daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo, inayokadiria kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, mzigo shingoni unafika karibu kilo 27. Hayo ni makadirio ya hesabu tu, shingo ya mtu haikupimwa kwa mizani, na wapo wengi wanaoinamia simu bila kuumwa. Lakini kwangu mimi, ambaye misuli hiyo ilikuwa imeshafanya kazi mchana kutwa, zile saa tatu za kitandani zilikuwa zamu ya pili.

Nilichobadilisha ni kimoja: sasa ninatazama simu nikiwa nimekaa, mto juu ya mapaja, viwiko vimeegemea mto, na simu imepanda karibu na usawa wa kidevu. Ujanja uko kwenye kuegemeza viwiko. Watu huambiwa wainue simu hadi usawa wa macho, wanaiinua, na baada ya dakika tano mikono imechoka na simu imeshuka tena. Mikono ikiwa na pa kuegemea, inabaki juu. Ujumbe mrefu ninaurekodi kwa sauti badala ya kuuchapa. Kulala nikiwa nimekunja shingo ukutani nimeacha kabisa, hata kwa dakika tano. Maumivu ya asubuhi yaliisha ndani ya siku kumi.

Sasa niseme kuhusu kunyoosha, kwa sababu ndiko nilikoweka matumaini yangu yote mwanzoni. Kunyoosha kunasaidia, lakini nilikuwa ninakitegemea kitu cha kupunguza mkazo huku chanzo cha mkazo kikiendelea kufanya kazi chini yangu. Na nilikuwa ninavuta vibaya. Mtaalamu alinikataza kuvuta mpaka mlio, na akanikataza kabisa kumruhusu mtu yeyote anizungushe shingo kwa ghafla, kwa sababu ndani ya mifupa ya shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na kuna watu, japo wachache, ambao mishipa hiyo imechanika kwa namna hiyo.

Ninafanya minyoosho mitatu. Wa kwanza ni wa upande wa shingo: ninakalia kiganja cha kulia ili bega lisipande, ninalaza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto, na mkono wa kushoto unaegemea juu ya kichwa bila kuvuta, uzito wake unatosha. Ninahesabu hadi 30 huku ninapumua, kisha upande wa pili. Wa pili unafanana na huo, ila kwanza ninageuza uso nusu kuelekea kushoto, kisha ninainamisha pua kana kwamba ninanusa kwapa langu. Mvuto unahama kutoka ubavuni kwenda nyuma, kwenye kona ya juu ya mfupa mpana wa bega. Pale ndipo kifundo changu kilipokuwa kikiishi, na kabla ya kufundishwa huu nilikuwa ninanyoosha msuli mwingine kabisa. Wa tatu ni wa kifua: ninasimama mlangoni, mikono imeegemea miimo miwili, viwiko kwenye usawa wa mabega, ninapiga hatua moja mbele mpaka kifua kivutike. Mafundi tunakunjamana mbele siku nzima, na kifua kikifupika, mabega yanavutwa nayo.

Mvuto unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa ndani yake. Ukianza kuuma kwa ncha, au mkono ukaingia ganzi, umepita kiasi, achia.

Katikati ya kazi sinyooshi. Ninachofanya ni kuacha. Kila uzi wa bobini unapoisha, na katika kazi ya kawaida huisha ndani ya nusu saa hivi, ninasimama. Ninajaza bobini nikiwa wima, ninazungusha mabega nyuma mara tano, ninarudisha kidevu nyuma kama mtu anayejaribu kujifanya ana videvu viwili, mara tano, kisha ninakaa. Haifiki dakika mbili. Nilijaribu kuweka kengele ya simu hapo awali, lakini kengele hulia katikati ya mshono na unaizima. Bobini ikiisha, umeshasimama tayari, hakuna cha kuzima.

Baada ya miezi miwili hivi mtaalamu aliniambia jambo lililonishangaza, kwamba msuli wangu haukuwa umekaza tu, ulikuwa dhaifu. Akanipa mazoezi ya nguvu: chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa maji, moja kila mkono. Kwanza ninapandisha mabega yote mawili juu kuelekea masikioni na kuyashusha polepole, mara 12. Kisha ninainua mikono pembeni hadi usawa wa bega, viwiko vimekunjwa kidogo, mara 10. Seti tatu, siku tatu kwa wiki. Nilimwuliza, "Daktari, si ni kupandisha mabega ndiko kulikoniumiza?" Akanijibu kwamba kupandisha na kushusha ni tofauti na kupandisha na kuacha hapo. Siku mbili za mwanzo niliumwa kwa uchovu, ule wa msuli mzima ulioamshwa, ukaisha. Kama ingekuwa maumivu yanayozidi kila siku, au yanayoshuka mkononi, nilitakiwa nipunguze maji kwenye chupa au niache. Kati ya yote niliyofanya baada ya kurekebisha meza na simu, hili ndilo ninaloliamini zaidi, na ndilo ambalo watu nikiwaambia hawalifanyi.

Dawa bado ninazitumia, ila kwa nafasi yake. Kitambaa cha moto au chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20 kabla ya kunyoosha, inalegeza zaidi ya nilivyodhani. Usilale nayo, ngozi inaungua polepole bila kuhisi. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, na kati ya dozi moja na nyingine zipite angalau saa nne. Kikomo ni vidonge vinane ndani ya saa 24, na ukiwa na mwili mdogo sana au ini lenye shida, kikomo ni cha chini zaidi, uliza. Kosa nililokuwa nikifanya ni kuchanganya. Nilimeza parasetamoli, kisha nikameza dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli vilevile, na kumbe nimejipa dozi mbili. Soma maandishi ya pakiti.

Aibuprofeni na daiklofenaki nilizimeza kwa wiki kadhaa mfululizo, mara nyingi tumbo likiwa tupu, mpaka nikaanza kuungua kifuani na tumboni. Dawa hizo hula utando wa tumbo, na kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha, au mjamzito, hazimezwi bila kuuliza. Siku hizi nikihitaji ninapaka jeli ya daiklofenaki pale panapouma. Sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu. Kola ya shingo niliambiwa niiweke kando, na niliiweka. Msuli usiofanya kazi unazidi kulegea.

Kuna shangazi yangu, naye mshonaji, aliyekuja kwangu akisema ana maumivu kama yangu. Nikampa ubao, nikamwonesha minyoosho. Baada ya wiki moja akaniambia kidole gumba na cha shahada vina ganzi, na anaangusha mkasi. Hapo nikajua kwamba si kama yangu. Maumivu yangu hayakuwahi kupita bega. Maumivu yanayoshuka mkononi yakiwa na ganzi, na mkono unaopoteza nguvu, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa shingoni au njiani. Alikwenda hospitali na akaanza matibabu mengine. Na yako mambo mabaya zaidi ya hayo ambayo hayasubiri hata siku moja: miguu kuyumba ukitembea, kushindwa kuzuia mkojo au choo, shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kikali, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, au maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua na jasho. Hayo si ya ubao wala chupa za maji.

Mimi sijapona kwa maana ya kusahau. Msimu wa oda nyingi, nikishona mpaka usiku, kifundo kinarudi palepale, na ninajua kwa nini. Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia rafiki kumaliza sare za watoto, nikakaa kwenye meza yake siku mbili. Siku ya pili mchana bega likaanza kuongea. Nikatoa futi mfukoni, nikapima: sm 13 juu ya kiwiko. Rafiki yangu alinitazama, akakaa wima kwenye kiti chake, akaniambia, "Nipime na mimi."